Jina la seva lapatikana asubuhi, mchana halipo: kosa liko kwenye DNS ya pili

*"Nasimamia kompyuta za ofisi ya boti za mizigo na abiria hapa Amu, tuko watu 14. Nimeweka dnsmasq kwenye Raspberry Pi ili watu waandike faili.local na printa.local badala ya kukariri namba. Kwenye ruta nimeandika DNS ya kwanza ni Pi (192.168.1.2), ya pili 8.8.8.8, ili Pi ikizimika watu wasikose intaneti. Sasa asubuhi jina lapatikana, mchana halipo. Kwenye Mac ya mhasibu ndiyo kabisa, halijapata kufunguka hata siku moja. Nikizima ruta na kuiwasha, kompyuta nyingine zinarudi sawa. Je, dnsmasq ni mbovu? Ama ni lazima tununue domeni?"*

Ndugu yangu, dnsmasq yako ni nzima, na domeni hulazimiki kununua. Yanayokusumbua ni mambo mawili tofauti yaliyokutana siku moja, ndiyo maana dalili zake hazieleweki. La kwanza ni hiyo 8.8.8.8, seva ya DNS ya umma ya Google, uliyoiweka kwa nia njema. La pili ni mkia wa `.local`. Nitaanza na la kwanza kwa sababu ndilo linalowapata wengi, na mtu anaweza kulitafuta mwezi mzima asilione.

DNS ni ile huduma inayogeuza jina kuwa namba ya mashine. Wengi wetu tunaposoma "DNS ya kwanza" na "DNS ya pili" tunadhani ya pili hukaa imelala mpaka ya kwanza ife. Sivyo kompyuta zinavyofanya. Windows ikiuliza seva ya kwanza na kukosa jibu kwa muda wa kama sekunde moja, haingoji tena, inamgeukia wa pili. Mifumo mingi ya Linux ya siku hizi, ikishahamia seva ya pili, hubaki huko huko mpaka nayo ikosee. Hakuna anayeikumbusha kwamba ya kwanza sasa iko sawa. Kwa hiyo 8.8.8.8 kwako si mlinzi wa zamu. Ni mtu wa pili anayeulizwa maswali yale yale, wakati wowote, bila wewe kujua.

Na huyo mtu wa pili hajui lolote kuhusu ofisi yako. Ni kama kumsimamisha mtu Nairobi ukamuuliza nyumba ya Bi fulani iko wapi huko Langoni. Hatasema "sijui, kamuulize mwenyeji". Seva ya DNS ya nje husema "jina hilo halipo", jibu linaloitwa NXDOMAIN, na kwa kompyuta hilo ni jibu kamili. Haikosei, haijachelewa, imejibu. Basi kompyuta haina sababu ya kurudi kumuuliza Pi. Inalipokea "halipo", inaliweka kwenye akiba yake kwa muda, na mtumiaji anaona seva imepotea.

Sasa kwa nini mchana? Pi yako haijui majina ya dunia nzima. dnsmasq si seva inayotembea yenyewe kutoka mzizi wa DNS mpaka mwisho. Ni mpokezi anayepeleka swali kwa seva ya juu, akipata jibu analitunza kwenye akiba na kulitoa tena akiulizwa. Mchana watu wote wako kazini na laini ya intaneti imejaa. Mtu anafungua tovuti, Pi inapeleka swali nje, jibu linakawia. Kompyuta inaona Pi imekaa kimya, inahamia 8.8.8.8. Dakika chache baadaye mtu yule yule anataka faili za manifesti ya mzigo, na kompyuta yake sasa inauliza Nairobi habari za Langoni. Ukizima ruta na kuiwasha, kila mashine inaunganishwa upya na kuanza tena na ya kwanza kwenye orodha. Ndiyo siri ya kupona kwake.

Usikubali kwa sababu nimesema mimi, hakikisha. Kwenye Pi, ongeza mstari wa `log-queries` katika `/etc/dnsmasq.conf`, anzisha dnsmasq upya, kisha tazama logi ikitiririka:

```
sudo systemctl restart dnsmasq
sudo journalctl -u dnsmasq -f
```

Nenda kwenye kompyuta inayolalamika, andika `ipconfig /flushdns` ili kufuta akiba yake, kisha `ping` ukitaja jina la seva. Swali likifika kwa Pi utaona mstari wa `query[A]` ukiwa na anwani ya kompyuta hiyo, na chini yake jibu. Ukiona ping imeshindwa na logi ya Pi haikusema chochote kuhusu mashine hiyo, umepata ushahidi wako: swali halikuja kwako, lilikwenda kwingine. Kimya hicho kwenye logi kina thamani kuliko mistari yote mingine. Usitegemee `nslookup` hapa. Yenyewe kwa kawaida huuliza seva ya kwanza kwenye orodha, kwa hiyo itakuonyesha jibu safi kabisa wakati kivinjari cha mtu huyo huyo hakifungui kitu.

Tiba yake si kuifukuza 8.8.8.8, ni kuihamisha. Ikae nyuma ya Pi, isikae mbele ya kompyuta za watu. Kompyuta zote zimjue Pi peke yake, na Pi ndiyo iwe na seva mbili za nje. Huko nyuma mbili hazina madhara, kwa sababu 1.1.1.1 na 8.8.8.8 zinajua mambo yale yale. Moja ikisinzia nyingine itajibu sawa sawa. Na maswali ya majina yako ya ndani hayatoki Pi kabisa.

Hapo ndipo tunafika kwenye `.local` na ile Mac ya mhasibu. Mkia huo una mwenyewe. Tangu 2013 umetengwa rasmi kwa mfumo wa mDNS, ule unaofanya printa ijitangaze yenyewe kwenye mtandao bila mtu kuiandika popote. Mac ikiona jina linaloishia `.local`, haimwendei seva ya DNS kwanza. Inapiga kelele kwenye mtandao mzima kupitia anwani 224.0.0.251, ikiuliza "nani hapa anaitwa faili?" Seva yako ya faili haijui kujibu mwito huo, basi kimya. Linux nyingi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hata ukirekebisha DNS ya pili, `.local` ingeendelea kukusumbua kwenye baadhi ya mashine. Iache.

Badala yake tumia `.internal`. Julai 2024 ICANN, chombo kinachosimamia majina ya intaneti, kiliutenga mkia huo kwa mitandao ya ndani, na hautauzwa kwa yeyote. Kuna pia `home.arpa`, iliyotengwa 2018, lakini hiyo ilikusudiwa mitandao ya majumbani. Mimi ningeita ya kwenu `amu.internal`. Kununua domeni kuna maana ikiwa mnataka kurasa za ndani zifunguke kwa HTTPS bila onyo la kivinjari, maana hakuna mtoa vyeti wa umma atakayekupa cheti cha jina la `.internal`. Kama kampuni tayari ina domeni yake ya barua pepe, unaweza kutumia tawi lake kwa kazi hiyo. Kwa kufungua faili na kuchapisha tu, okoa pesa.

Hii hapa mipangilio ambayo ningeweka kwenye Pi yako:

```
interface=eth0
bind-dynamic
domain-needed
bogus-priv
no-resolv
server=1.1.1.1
server=8.8.8.8
no-hosts
addn-hosts=/etc/ofisi.hosts
expand-hosts
domain=amu.internal
local=/amu.internal/
cache-size=1000
```

Mistari mingi inajieleza, lakini kadhaa inahitaji neno. `local=/amu.internal/` inamwambia dnsmasq kwamba jina lolote lenye mkia huo ni lake. Akiwa nalo alijibu, akikosa aseme halipo papo hapo, asipeleke nje. Huu ndio mstari unaofanya majina yenu yaendelee kufanya kazi hata laini ya intaneti ikikatika. Siku waya wa mtoa huduma umekatika huko bara, ofisi bado itafungua faili na kuchapisha risiti, kwa sababu jibu liko ndani ya Pi na halingoji mtu wa nje.

`no-hosts` na `addn-hosts` vinakwenda pamoja, na sababu yake haiko wazi. Kwa kawaida dnsmasq husoma `/etc/hosts` ya mashine iliyomo na kuyatoa majina hayo kwa kila anayeuliza. Raspberry Pi, kama ndugu zake wa Debian, huwa na mstari ndani ya faili hiyo unaolipa jina la Pi yenyewe anwani ya `127.0.1.1`. Ndani ya Pi anwani hiyo ni sahihi. Lakini kompyuta ya mapokezi ikiuliza Pi iko wapi na kuambiwa `127.0.1.1`, itajigonga yenyewe, maana kila anwani inayoanza na 127 ni "mimi mwenyewe". Nimeona watu wakibadilisha kebo kwa sababu ya hilo. Weka majina ya ofisi kwenye faili lake peke yake, `/etc/ofisi.hosts`:

```
192.168.1.2    pi
192.168.1.10   faili
192.168.1.20   printa
```

`expand-hosts` pamoja na `domain` ndivyo vinavyoongeza mkia, kwa hiyo `faili` litajibiwa pia kama `faili.amu.internal`. Akiba, ile `cache-size`, bila kuiandika huwa ni majina 150 tu. Kwa watu 14 wenye vivinjari vya siku hizi hayo huisha haraka. 1000 hayali kumbukumbu ya maana. Ukimaliza kuandika, endesha `dnsmasq --test` kabla ya kuanzisha upya. Ikisema `syntax check OK`, endelea. Siku nyingine ukiongeza jina kwenye `/etc/ofisi.hosts`, `sudo systemctl reload dnsmasq` inatosha, lakini ukigusa `dnsmasq.conf` yenyewe lazima `restart`, reload haiisomi.

Sasa kuzifanya kompyuta zimjue Pi peke yake. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP, ile kazi ya kuzigawia kompyuta anwani, uandike 192.168.1.2 kwenye DNS ya kwanza na uache ya pili wazi. Hapa angalia vizuri: ruta kadhaa za watoa huduma ukiacha pa pili wazi hujijaza zenyewe kimya kimya, na nyingine hazikuruhusu kugusa DNS kabisa. Kama yako ni ya aina hiyo, zima DHCP ya ruta na umwachie dnsmasq kazi hiyo:

```
dhcp-range=192.168.1.100,192.168.1.200,12h
dhcp-option=option:router,192.168.1.1
dhcp-authoritative
```

Mstari wa `option:router` usiusahau. Usipoutaja, dnsmasq huwaambia watu kwamba Pi ndiyo njia ya kutokea nje, na ofisi nzima itapoteza intaneti huku majina ya ndani yakifanya kazi vizuri sana. DNS huna haja ya kuitaja hapa, dnsmasq hujitaja mwenyewe. Pi lazima iwe na anwani isiyobadilika, na usiache DHCP mbili zikifanya kazi pamoja; nusu ya watu watapewa anwani na ruta na nusu na Pi, na utarudi pale pale ulipoanzia.

Ukimaliza, chukua kompyuta moja ya Windows uandike `ipconfig /all`. Kwenye "DNS Servers" pawe na 192.168.1.2 peke yake. Ukiona chini yake anwani ndefu yenye nukta mbili nyingi, hiyo ni IPv6: ruta inajitangaza yenyewe kama DNS kwa mlango wa pili. Zima tangazo hilo kwenye ruta, la sivyo utakuwa na DNS ya pili ile ile kwa sura nyingine.

Watu wazoee jina kamili. Ukiandika `faili` peke yake kwenye kivinjari, kivinjari kitadhani unatafuta neno hilo mtandaoni na kukuletea matokeo ya utafutaji. `http://faili.amu.internal/` haina utata. Kwenye simu za Android, mtu akiwa ameweka seva maalumu kwenye "Private DNS", maswali yake yote yanapita pembeni ya Pi. Arudishe kwenye "Automatic". Vivinjari navyo vina DNS yao ya siri, na ukiona ukurasa wa ndani haufunguki kwenye kivinjari ilhali `ping` inaupata, tazama mipangilio ya "Secure DNS" ya kivinjari hicho kabla ya kugusa Pi.

Lakini hofu yako ya mwanzo ni ya haki: Pi ikizimika, ofisi nzima itakosa majina, ya ndani na ya nje. Nikupe chaguo nilizonazo kwa uwazi. Ya kwanza ni Pi ya pili yenye 192.168.1.3, yenye mipangilio ile ile na faili lile lile la majina. Hapo ndipo DNS ya pili inapokuwa halali, kwa sababu inajua yote ambayo ya kwanza inajua. Ukiwa unatoa anwani kwa dnsmasq, ongeza mstari huu kwenye Pi ya kwanza, na ya pili usiipe kazi ya DHCP:

```
dhcp-option=option:dns-server,192.168.1.2,192.168.1.3
```

Gharama yake ni kukumbuka kunakili `/etc/ofisi.hosts` kila unapoibadilisha. Ukisahau, utakuwa na seva mbili zinazotofautiana, na ule ugonjwa wa asubuhi na mchana unarudi. Kama huna uhakika utakuwa na nidhamu hiyo, usinunue Pi ya pili.

Chaguo la pili, ambalo kwa ofisi ya watu 14 ndilo ningelichagua, ni Pi moja iliyochomekwa kwenye UPS ile ile ya ruta, na kadi ya SD ya akiba iliyonakiliwa kutoka hii ya sasa ikikaa kwenye bahasha. Umeme ukienda ghafla kadi hizi huharibika, na hewa ya chumvi ya hapa kwetu haizisaidii. Mara nyingi kinachokufa ni kadi na si Pi. Bandika karatasi karibu na ruta: Pi ikigoma na fundi hayupo, ingia kwenye ruta uwashe DHCP yake na urudishe DNS ya mtoa huduma, kisha kila mtu azime waifai na kuiwasha. Watakosa majina ya ndani, intaneti watapata, na manifesti zitafunguliwa kwa namba mpaka utakapofika. Ile namba ya seva, 192.168.1.10, iandike kwenye karatasi hiyo hiyo.

Yapo mahali ambapo ningekuambia usiendelee peke yako. Kama kompyuta zenu za Windows huingia kupitia seva ya Active Directory, usiweke Pi mbele yake; watu watashindwa kuingia hata kwenye akaunti zao. Hapo DNS hupangwa kuanzia seva hiyo, na anayeijua aje aketi nanyi. Kama mna tawi upande wa Mokowe na mnataka wafungue `faili.amu.internal` kutoka ng'ambo, hilo ni suala la kuunganisha mitandao miwili kwanza, majina yanafuata baadaye. Na ukiona kwenye logi maswali kutoka anwani za nje ambazo hazianzi na 192.168.1, ukiacha 127.0.0.1 ambayo ni Pi yenyewe, huenda kuna mlango wa 53, ule wa DNS, uliofunguliwa kwenye ruta kuelekea dunia. Ufunge siku hiyo hiyo, na umwite mtu akague ruta, maana seva ya namna hiyo hutumiwa na wahalifu kushambulia wengine.

Sasisha Pi pia kwa `sudo apt update` na `sudo apt upgrade`. Januari 2021 yalitangazwa mapengo saba kwenye dnsmasq yaliyoitwa DNSpooq, baadhi yakimruhusu mtu kupenyeza majibu ya uongo kwenye akiba, na yalizibwa katika toleo la 2.83. `dnsmasq --version` itakuambia uko wapi.

Anza na kompyuta ya mhasibu. Mpe jina jipya lenye `.internal`, fungua logi pembeni, na utazame kama anwani yake inatokea. Siku mbili tatu ukiridhika, ondoa `log-queries`, kwa sababu inaandika kila jina ambalo kila mtu ofisini amefungua, na hilo ni jambo la watu wenyewe, si la kukaa kwenye kadi ya Pi.